Barua ya tatu kwa mtu asiyekujua: maswali yenu kutoka Lubumbashi

Nina karakana ndogo Kampemba, tunasuka upya mota za umeme zilizoungua. Nimemwandikia barua pepe mkuu wa manunuzi wa mgodi mmoja kule Kolwezi mara mbili. Hanijui, na hajajibu. Niandike ya tatu ao niache?
*Fundi wa mota*

Andika, fundi, ila iwe ya mwisho, na iwe fupi kuliko zile mbili. Kama ya kwanza ilienda Jumanne na ya pili ikafuata baada ya wiki moja, hii ya tatu ipe wiki mbili nzima. Mkuu wa manunuzi anaweza kuwa safarini, anaweza kuwa anafunga hesabu za mwezi, na anaweza kuwa amekusoma vizuri lakini leo hana mota iliyoungua. Sababu hii ya mwisho ndiyo ninayoiona mara nyingi, na wauzaji wengi hawaifikirii. Wanauchukua ukimya kama dharau, kisha wanaandika barua ya tatu yenye hasira chini ya maneno ya heshima: "Sijapata jibu lako", "Kama nilivyokuandikia mara mbili". Anayesoma hivyo anajiona anadaiwa, na mtu anayedaiwa na asiyemjua huifuta barua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya barua hii ni kumwondolea deni. Mwambie mapema kwamba si lazima ajibu. Kazi ya pili ni kumwachia hali moja ya kweli ambamo atakukumbuka. Kumwambia "tuko tayari kukuhudumia wakati wowote" hakumsaidii, maana kila anayemwandikia anasema hivyo. Wewe unajua mvua za huku zinaanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, na miezi hiyo ndiyo pampu za kutoa maji mashimoni hufanya kazi mchana na usiku. Mota huungua wakati huo, na wakati huo pia karakana zote zina foleni. Hapo ndipo unapouacha mlango wazi.

Barua yenyewe utaiandika kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya ofisi zile. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili tuione vizuri:

> Bwana Mkuu wa Manunuzi,
>
> Hii ni barua yangu ya mwisho kuhusu ukarabati wa mota, na kama kwa sasa hamna hitaji, si lazima unijibu.
>
> Huenda tayari mna fundi mnayemwamini. Ikitokea wakati wa mvua mota ya pampu imeungua na fundi wenu ana foleni, karakana yetu ya Kampemba inasuka mota hadi kilowati 75. Tunaifuata Kolwezi kwa gari letu, tunaifungua, na makadirio ya bei mnayapata kabla hatujagusa waya.
>
> Kama jambo hili liko kwa mwenzako wa matengenezo, unaweza kumpelekea barua hii kama ilivyo.
>
> Nawatakia kazi njema.

Chini yake weka jina lako, jina la karakana na namba moja ya simu. Basi.

Angalia sentensi ya fundi wao. Hukumsema vibaya, wala hukuomba umpokonye kazi. Umeomba nafasi ya pili kwenye orodha. Mkuu wa manunuzi anaweza kukupa nafasi hiyo bila kuomba ruhusa kwa yeyote, kwa kuihifadhi tu barua. Na ile sentensi ya mwenzake wa matengenezo nimeiweka kwa makusudi, kwa sababu migodini anayejua mota ipi imekufa ni mhandisi wa matengenezo. Manunuzi hupata habari mwisho, karatasi ya ombi inapofika mezani. Kumpelekea mwenzake barua ni kubonyeza mara moja tu. Kuandika jibu ni kazi.

Namba za kilowati na ahadi ya gari uziandike tu kama ni kweli. Mota ya kilowati 75 haibebwi na watu wawili. Kama hamna winchi ya kuipakia, punguza namba.

Barua ya pili niliambatisha katalogi yetu yote, ina picha nyingi. Niiambatishe tena?
*Fundi huyohuyo*

Hapana. Faili kubwa kutoka kwa mtu asiyejulikana ndiyo aina ya kitu ambacho mashine za kuchuja barua za kampuni hukitilia shaka, na pengine hata barua yako ya pili haikumfikia. Barua ya tatu iende bila kiambatisho chochote. Akitaka picha ataziomba.

Mimi nashona sare za shule, mtaa wa Kenya. Kijana wangu ananiambia kwa barua ya mwisho niandike "ninafunga faili lenu" au niweke punguzo la mwisho hadi Ijumaa, eti watu wakiogopa kukosa hujibu. Ni kweli?
*Mama mshonaji*

Mama, wapo watakaojibu. Lakini angalia wanajibu nini. Anayejibu kwa kushtuka huandika "hapana, asante" ili amalize, na "hapana" iliyoandikwa ni nzito kuirudia kuliko ukimya. Tena shule haina faili lolote kwako. Mkurugenzi atajiuliza ni faili gani, kisha ataona ni mbinu. Na punguzo la Ijumaa likirudi Jumatatu, neno lako limeisha thamani.

Kwako wewe jambo kubwa zaidi ni kalenda. Mwaka wa shule unaanza Septemba. Shule inayobadilisha mshonaji huamua kabla ya likizo kubwa, kwa sababu vitambaa vinatakiwa vinunuliwe na vipimo vichukuliwe watoto wakiwa bado wapo. Barua ya tatu ikienda Septemba, mkurugenzi hawezi kukupa kazi hata akitaka. Ningekushauri uandike hivi: "Najua sare za mwaka huu zimeshapangwa. Mkianza kufikiria za mwaka ujao, Mei nitaweza kuwaletea sampuli moja ya shati na moja ya sketi, bila malipo, mziangalie mshono." Hapo kuna tarehe bila tishio. Mwezi wa tano ukifika utakuwa na sababu ya haki ya kupita shuleni na sampuli mkononi.

Nianze barua mpya ao nijibu juu ya ileile ya zamani?
*Kijana wa Katuba*

Bonyeza jibu juu ya ileile, na usiguse kichwa chake. Akiifungua ataona chini barua zako mbili, hahitaji maelezo upya. Kwenye Gmail ukibadilisha kichwa, mazungumzo yanakatika na barua inasimama peke yake.

Kuna wanaofanya kinyume: wanaanza barua mpya na kuandika "Re:" mbele ili ionekane kama walikwisha kuzungumza. Usifanye hivyo, kaka. Anayetafuta hayo mazungumzo na kuyakosa anajua mara moja amedanganywa, na ni sentensi yako ya kwanza kwake.

Tuna anwani ya kampuni yetu wenyewe, si ya Gmail. Barua ishirini zimeenda, jibu hata moja hakuna, hata la kukataa. Nitajuaje kama zinafika?
*Dada wa kampuni ya usafi*

Ukimya wa watu ishirini kwa pamoja unanifanya niushuku mtambo kabla ya kuishuku barua. Usitume ya tatu kwa mtu yeyote kabla hujapima.

Anza na kikasha chako. Barua iliyorudi na maandishi yenye `550 5.1.1` ina maana anwani hiyo haipo. Huyo hakukunyamazia, hukumwandikia. Kisha jitumie barua kutoka anwani ya kampuni kwenda Gmail yako binafsi. Ifungue kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu upande wa kulia, chagua `Afficher l'original` kama Gmail yako iko kwa Kifaransa. Juu utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, alama tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenu. Penye neno `PASS` pako sawa. SPF na DKIM zote mbili zikikosa `PASS`, barua zako zinafika kama mgeni asiye na kitambulisho. Tangu Februari 2024 Google inamtaka kila anayetuma kwenye Gmail awe na angalau moja kati ya hizo mbili.

SPF ni mstari mmoja wa maandishi unaowekwa kwenye DNS, yaani orodha ya mipangilio ya jina la tovuti yenu. Unaeleza ni mitambo ipi inaruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo. Kama barua zenu zinapita kwa Google, ni huu:

```
v=spf1 include:_spf.google.com ~all
```

Kama zinapita kwa mwingine, mwombe aliyewauzia huduma awape wa kwake. Kuna kosa ninaloliona sana: tovuti imehamishwa, fundi mpya akaongeza mstari wake bila kuutoa wa zamani. Mistari miwili ya SPF kwenye jina moja huharibu yote miwili. Uwe mmoja tu.

Mkishatengeneza, hesabu barua zilizotangulia kama zisizotumwa. Anza upya na ya kwanza, wala usiseme "nilikuandikia".

Nimepata kwa rafiki namba ya WhatsApp ya mnunuzi ninayemwandikia. Badala ya barua ya tatu nimpigie?
*Mzee wa Ruashi*

La, mzee. Hakukupa yeye. Lakini huyo rafiki ni bora kuliko namba: mwombe amuulize kama unaweza kumwandikia huko. Akikubali, barua ya tatu haihitajiki tena.

Nilimwambia mnunuzi barua ya tatu ni ya mwisho. Sasa ni miezi minane, na karakana yangu imeandikishwa ARSP, mamlaka ya ukandarasi mdogo. Nikimwandikia tena si nitakuwa mwongo?
*Mchomeleaji*

Ungekuwa mwongo ungerudi baada ya wiki tatu kumkumbusha. Wewe una habari ambayo haikuwepo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inawapa kazi za ukandarasi mdogo makampuni ambayo mtaji wake kwa sehemu kubwa ni wa Wakongomani, na ARSP ndiyo inayoyaandikisha na kuangalia sheria inafuatwa. Kwa mnunuzi, mchomeleaji asiyeandikishwa na aliyeandikishwa si mtu mmoja.

Anzisha barua mpya, yenye kichwa kipya, na habari hiyo iwe mstari wa kwanza. Usitaje barua za zamani wala miezi minane. Na tafadhali usiigeuze sheria kuwa fimbo. Nimeona barua zinazomkumbusha mnunuzi adhabu za kutoifuata. Anaijua kuliko wewe, na barua ya namna hiyo anaipeleka kwa mwanasheria, si kwa mhandisi. Andika tu: "Karakana yetu sasa imeandikishwa ARSP, nakala ya cheti iko tayari mkihitaji kuongeza jina letu kwenye orodha ya wakandarasi."

Hiyo moja inatosha. Asipojibu, usianze tena ya pili na ya tatu juu yake. Kwenye daftari andika jina la kampuni na kitu kitakachobadilika kwako kabla ya kumwandikia tena: mashine mpya, cheti kipya, kazi iliyokamilika kwenye mgodi wa jirani ambao umekubali utajwe.