Risiti za baba zilivyoliokoa duka langu Masasi

Dada mmoja wa Nachingwea ameniandikia kwamba mwenye eneo anamtaka ajenge fremu kwa hela yake, halafu gharama ikatwe kwenye kodi ya pango mpaka iishe. Anauliza kama akubali. Namjibu hapahapa, maana duka langu la vifaa vya simu Masasi lilianza hivyohivyo.

Mwaka 2019 nilikubaliana na mzee mmoja mwenye kiwanja kizuri karibu na stendi. Kodi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa na haraka ya kufungua kabla ya msimu wa korosho kuisha, kwa hiyo mambo ya karatasi aliyashika baba. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi miaka mingi, na ameshuhudia wakulima wakigombania kilo zao kwa sababu tu stakabadhi imepotea. Aliniambia, "Mwanangu, niletee kila risiti, hata ya misumari."

Alichofanya nazo ndicho ninachotaka mkisome vizuri. Risiti ya saruji inathibitisha kwamba umenunua saruji. Haithibitishi kwamba saruji hiyo imeingia kwenye ukuta wa fulani, wala kwamba fulani amekubali ikatwe kwenye kodi. Kwa hiyo baba alikuwa na daftari la kaunta. Kila Jumamosi alibandika risiti za wiki, akaandika pembeni vitu vilivyonunuliwa na vimetumika wapi, akajumlisha, kisha akampelekea mwenye eneo asaini chini ya ukurasa. Risiti za mashine alizitoa kopi siku ileile, kwa sababu karatasi ile hufifia kwa joto na baada ya muda inabaki nyeupe. Fundi hana mashine ya risiti, basi kila alipolipwa aliandikiana na baba: kiasi, kazi iliyofanyika, tarehe, saini na namba ya simu.

Jumla ikawa 4,320,000: vifaa 3,370,000 na ufundi 950,000. Ukigawa kwa 60,000 unapata miezi 72, yaani Januari 2020 hadi Desemba 2025. Hesabu hiyo iliandikwa ndani ya mkataba, pamoja na sentensi moja ambayo baba aliing'ang'ania: makubaliano yatawabana pia warithi wa pande zote. Mwenyekiti wa mtaa akashuhudia, na baba akaenda kulipia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwetu ilikuwa shilingi 7,200 tu. Mkataba usio na stempu hiyo unaweza kukataliwa kama ushahidi, na watu wengi hawalijui hili mpaka wafike mbele ya baraza.

Mwishoni mwa 2023 yule mzee alifariki. Mungu amrehemu, alikuwa muungwana. Januari 2024 watoto wake wakaja dukani, mbele ya wateja, wakisema nimekaa miaka minne bila kulipa: nilipe 2,880,000 na nihame. Mmoja alisema matofali alinunua baba yao. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu walikuwa wakinunua vocha kwangu na kunisalimia kila siku.

Baba hakubishana nao. Aliuliza swali moja: nani ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Hakuwepo. Alipopatikana, tulikutana naye kwenye Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hatukufika huko. Baba alifungua daftari, ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa una saini ya marehemu. Risiti ya mabati ilikuwa imefutika kabisa, lakini kopi ilikuwepo. Walipopinga zile 950,000 za ufundi, fundi alipigiwa simu kwa namba iliyo kwenye karatasi, akaja. Msimamizi akasaini kwamba kuanzia Januari 2024 bado nilikuwa na miezi 24.

Kwa hiyo dada yangu, kubali, ila usinunue hata mfuko mmoja wa saruji kabla ya mkataba kusainiwa. Omba kuona karatasi za kiwanja. Kama ni mali ya familia, wasaini na wenzake. Wekeni kikomo cha gharama, kwa sababu mwenye eneo ana haki ya kukataa marumaru ambazo hakuziagiza. Daftari likijaa, toa kopi mbili, moja ikae nyumbani kwa mtu unayemwamini na isikae dukani. Na huyo mwenye eneo akianza kukwepa kusaini wiki ya kwanza tu, simamisha fundi siku hiyohiyo.