Kinywaji cha wachezaji si ORS iliyotiwa utamu

Swali: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anaharisha tangu jana asubuhi, na ORS anaitema. Mwenye duka hapa Nyalenda ameniuzia kinywaji cha wachezaji, chupa ya nusu lita, akisema kina elektrolaiti zile zile na kinaongeza nguvu. Imeandikwa kwa kila mililita 100: sukari gramu 6.4, sodiamu miligramu 50. Nimpe?
Mama, Kisumu

Jibu: Usimpe, mama. Umesoma lebo, jambo ambalo wateja wangu wengi hawafanyi, basi tuimalize hesabu. Zidisha kwa tano upate chupa nzima: sukari gramu 32, sodiamu miligramu 250. Pakiti ya ORS ya nusu lita ina glukosi gramu 6.75 tu, na sodiamu miligramu 860 hivi. Chupa yako ina sukari karibu mara tano, na sodiamu haifiki hata theluthi. Neno "elektrolaiti" linakwambia zimo, halikwambii ni ngapi. (Lebo nyingine huandika "chumvi" badala ya sodiamu, hapo gawanya kwa 2.5 kabla ya kulinganisha.)

Linalonichosha ni hilo la "nguvu". Kila wiki naletewa mtoto aliyelegea, na mzazi ananiambia amemnywesha glukosi ya unga siku nzima apate nguvu. Glukosi ya kopo haina chumvi. Mtoto hakulegea kwa kukosa sukari; amelegea kwa sababu maji na chumvi vimemtoka kwenye kinyesi.

Sukari ndani ya ORS ina kazi nyingine kabisa. Utumbo una vijilango vinavyopitisha glukosi na sodiamu zikiwa pamoja, na maji huzifuata. Vijilango hivyo huendelea kufanya kazi hata tumbo likiwa linaendesha, ndiyo maana ORS inasaidia. Sukari ikizidi, inayokosa njia hubaki utumboni na kuyavuta maji ya mwili yarudi humo, na kesho utaniambia dawa imemzidishia. Hata ORS yenyewe ilipunguzwa sukari. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishusha glukosi kutoka gramu 20 hadi 13.5 kwa lita, na sodiamu nayo ikapunguzwa kidogo, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi ulipunguza kuharisha na kutapika. Sasa mwenye duka anakuuzia gramu 64 kwa lita.

Kwa mchezaji aliyetoka jasho uwanjani saa nzima juani, kinywaji hicho hakina ubaya. Anakula, anakojoa, na tumbo lake ni zima.

Kuhusu kuitema: usimpe kikombe. Mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uanze tena polepole zaidi. Kwa umri wake, kila akiharisha lenga mililita 50 hadi 100, na kama ananyonya aendelee kunyonya. Ulizia pia zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Mara nyingi huuzwa pamoja na ORS.

Usijaribu kuitia utamu. Nimewahi kuona pakiti ya nusu lita imemiminwa ndani ya chupa ya kinywaji kama hicho chako. Fanya hesabu: sodiamu inapita miligramu 1,100 na sukari inakaribia gramu 39 katika nusu lita. Mtoto alikuwa na kiu isiyokatika, analialia na kushtukashtuka, na kila alicholilia ndicho alichonyweshwa. ORS huchanganywa na maji safi peke yake, yaliyochemshwa yakapoa.

Kipimo cha maji nacho kisome kwenye pakiti, usikariri cha jirani. Kuna za nusu lita na za lita moja. Ukiwa na shaka tazama uzito: ya lita moja ni gramu 20.5, ya nusu lita ni nusu ya hapo. Ya lita ikitiwa kwenye nusu lita ni chumvi maradufu, na hilo ni hatari kuliko kuikosea upande wa pili. Onja mwenyewe kabla ya kumpa: isiwe na chumvi kuzidi machozi. Ikipita saa 24, imwage.

Na wale wanaouza "maji ya dripu ya kunywa" stendi, chupa isiyo na lebo, waulize sodiamu ni miligramu ngapi. Mimi nimeuliza. Niliambiwa ni "ya kutosha".

Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilala hata kuamka ni shida, au ukiona damu kwenye kinyesi, mpeleke hospitali sasa hivi. Njiani endelea na kijiko.