Ndo unaanza Dead by Daylight? Anza kuhesabu sekunde

Nyie mnaoingia juzi juzi naona wengi mnalalamika kitu kimoja, ukiwa mwindaji unaona manusura wanakuchezea, ukiwa manusura unaona mwindaji kapendelewa. Na mimi nililia hivyo hivyo miezi kama miwili hivi, mpaka siku nilipoacha kuangalia nani ana nguvu nikaanza kuangalia saa.

Gemu lenyewe limetoka 2016, mmoja anawinda wanne. Ramani ina jenereta saba, wakitengeneza tano umeme unarudi kwenye mageti, wanafungua wanasepa. Mwindaji kazi yake awapige, awabebe, awatundike kwenye kulabu, na mtu akitundikwa mara ya tatu ndo basi tena. Sasa mmoja atawezaje wanne? Yeye hapigwi akafa, anawazidi mbio, na akikupiga mara mbili uko chini. Wao wana kitu kimoja tu, kwamba wako wanne na yeye hawezi kuwa sehemu nne kwa wakati mmoja.

Jenereta moja mtu akiwa peke yake inakula sekunde 90. Mwindaji wa kawaida anaenda mita 4.6 kwa sekunde, manusura akikimbia ni mita 4. Tofauti ni 0.6 tu! Yaani mtu akiwa mita 12 mbele yako na mko kwenye njia iliyonyooka, unakula sekunde 20 ndo umfikie, hapo hajaruka dirisha wala kukuangushia usoni paleti, yale mabao ya kukuzibia njia. Ukishampiga ya kwanza anachomoka mbio za ghafla wakati wewe bado unafuta kisu, kwa hiyo unaanza kumfukuza upya.

Mechi yangu moja ya mwanzo mwanzo nilikutana na jamaa anazunguka nyumba yenye dirisha, nikasema huyu simwachi, nikamzungukia, nikamzungukia, na hasira juu, namshika hivi nasikia jenereta tatu zinalia karibu kwa pamoja. Piga hesabu mwenyewe, dakika moja na nusu niko na mtu mmoja, wenzake watatu kila mmoja kashika ya kwake. Yule hakuwa ananikimbia, alikuwa ananinunulia muda, na mimi nikauza bei ya kutupa. Ndo maana nawaambia wapya, umefukuza nusu dakika hujapiga hata moja na jamaa yuko sehemu yenye paleti kibao, muache, nenda kavuruge kwenye jenereta.

Upande wa manusura kosa ndo hilo hilo limegeuzwa. Mnajazana watatu kwenye jenereta moja kwa sababu mnaogopa, wakati gemu linawakata asilimia 15 kila mmoja kwa kila mwenzake aliyeongezeka. Wawili mnamaliza kama sekunde 53 badala ya 45, watatu kama 43 badala ya 30. Halafu mwindaji akija anawakurupusha wote kwa mpigo mmoja, kazi imesimama ramani nzima.

Kingine ambacho wapya hamkioni kabisa ni jenereta mnazoziacha. Mkimaliza nne zinabaki tatu, mnahitaji moja tu. Kama hizo tatu ziko kona moja mmeisha, mwindaji anazunguka hapo hapo kama mlinzi wa geti, anapiga teke kila mnayoigusa inarudi nyuma. Mechi za namna hiyo zilikuwa zinavutwa mpaka watu wanachoka, ikabidi watengenezaji waweke kikomo cha mara ngapi jenereta inaweza kurudishwa nyuma. Ila kikomo kisikudanganye, tengeneza ile ya katikati mapema, hata kama ndo iko mahali pabaya.

Halafu hii ya usawa. Watu wanadhani sawa ni wafe wawili, watoke wawili. Watengenezaji wenyewe walishasema wanalenga kama asilimia 60 ya manusura wafe, yaani kwenye wanne wawili na kidogo. Mi naona ni sawa kabisa, mwindaji asipotisha nani atakimbia? Shida yangu iko kwingine, wanne wanaojuana wako kwenye simu wanaongea, "yuko kwangu, nyie malizieni," hao sio sawa na wanne waliookotwa tu ambao kila mmoja anabahatisha mwenzake yuko wapi, na namba zile zile za mwindaji inabidi zitoshe kwa wote. Ukizipandisha ili aweze wale wa kwenye simu, huyu anayecheza peke yake usiku kwa bando lake ndo anaumia, ukizishusha, mwindaji mpya anazungushwa mechi nzima kama mimi na lile dirisha.