Maneno ya heshima kwa maskini na tajiri kwenye ripoti

"Naandika ripoti ya utafiti wa kaya hapa Kisauni, niseme maskini na tajiri tu ama kuna maneno ya heshima zaidi?"

Ndugu yangu, kwanza tazama dodoso lako liliuliza nini. Kama uliuliza pesa inayoingia kwa mwezi, andika "kaya zenye kipato cha chini" na utaje kiwango chenyewe, lakini kama ulihesabu vitu tu, friji, tivii, sakafu, choo, vile utafiti wa kitaifa wa afya Kenya, KDHS ya 2022, ulivyofanya kisha ukagawa watu makundi matano sawa, hapo kipato hukukipima, kwa hivyo sema "kundi la chini kati ya matano kwa umiliki wa mali". Yuko bibi ana nyumba ya urithi, friji na tivii anazo, ataangukia kundi la juu na mkononi hana hata ya unga, ukimwita tajiri umemkosea. Hao wa juu waite "wenye mali zaidi", neno "wakwasi" ni zito mno kwa moja ya tano nzima ya watu. Na "wasiojiweza" liondoe kabisa, wallahi linaniuma, mtu husikia mgonjwa wa kitandani, na mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza anajiweza sana.