Ukitaka kufuta oda, simamisha mashine kwanza

Wiki hii dada mmoja wa Makambako ameniandikia. Ameagiza vifungashio Dar, soko limemgeuka, na profoma aliyosaini inasema akighairi anapoteza malipo yote ya awali. Anauliza kama akae kimya mpaka wamtafute wao. Hapana, dada yangu. Kila saa unayokaa kimya, kiwanda kinaendelea kutumia hela yako.

Mimi nauza mchele hapa Mbeya. Mnunuzi mmoja mkubwa alinihakikishia kwamba atachukua mchele wa Kyela kwenye mifuko ya kilo 5, nikaagiza mifuko 20,000 yenye jina langu kwa shilingi 500 mmoja. Jumla milioni 10, nikatanguliza milioni 4. Halafu mnunuzi akajitoa kwa ujumbe wa mistari miwili. Mpaka leo sijapata maelezo, na sitasema haliniumi.

Siku hiyohiyo nilimpigia kaka wa mauzo kiwandani. Sikuanza na habari ya kurudishiwa hela.

"Kaka, mzigo wangu umefika hatua gani?"

"Tumeanza kuchapa dada, tangu asubuhi."

"Naomba msimamishe mashine sasa hivi, halafu ndiyo tuongee."

Baada ya simu nikamwandikia wasapu na barua pepe yenye namba ya profoma, tarehe, saa, na neno moja kubwa: simamisheni. Nikamwomba anijibu kwa maandishi ni mifuko mingapi imeshachapwa, na anitumie picha. Bila maandishi hayo, kesho ungeambiwa imechapwa yote, na usingekuwa na cha kujibu.

Hatua ndiyo kila kitu. Kitambaa cha viroba kikiwa bado cheupe, kiwanda kinaweza kumchapia mtu mwingine, kwa hiyo hasara yao ni ndogo. Kikishapigwa jina lako hakuna atakayekinunua. Pleti za kuchapia nazo zimetengenezwa kwa nembo yako tu, rangi moja pleti moja. Ndiyo maana mazungumzo lazima yatenganishe kilichochapwa na kisichochapwa. Ukikubali kuongelea "oda" kwa ujumla, umeshapigwa.

Ikajulikana kwamba mifuko 4,000 imechapwa. Nikasema hiyo naichukua yote kwa bei tuliyokubaliana, milioni 2, nitaiuza na mchele kwenye maduka ya hapa Mwanjelwa. Pleti nazo nalipa, shilingi 600,000, lakini zinakuwa zangu na mtanitunzia. Hapo kwenye milioni 4 ikabaki 1,400,000. Wao wakadai asilimia 10 ya mifuko 16,000 iliyofutwa, yaani 800,000, kwa kuvurugiwa ratiba. Nikawauliza kitambaa kile kitakwenda wapi. Wakakiri kuna mteja mwingine wa saizi ileile. Basi tukaafikiana asilimia 5, 400,000.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilikuwa kichwani mwangu. Kifungu cha 74 kinaifanya adhabu iliyoandikwa kwenye mkataba kuwa kikomo tu, na mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi hapo. Lakini sikuitaja simuni. Ukianza na sheria, mwenzako anamwita wakili, na kaka wa mauzo aliyekuwa upande wako ananyamaza.

Ikabaki milioni 1. Hiyo sikuidai. Niliomba ikae kwao kama salio la oda ijayo, tukaandika itumike ndani ya miezi 6. Kiwandani kurudisha pesa taslimu kunapita kwa mhasibu mpaka kwa mwenye mali, na kila mmoja anapata sababu ya kukukata zaidi. Salio linapita haraka, na wewe unabaki kuwa mteja. Ila usiache salio kwa kiwanda ambacho unasikia kinayumba au kinachelewesha mizigo ya wenzako. Hapo chukua hela yako hata kama ni pungufu.

Na jamani, tuwe wakweli. Niliwaambia waziwazi kwamba mnunuzi amejitoa. Wafanyabiashara wengi wa kwetu hutunga msiba au ugonjwa, kisha wiki inayofuata wanaagiza kwa jirani wa kiwanda. Dar hiyo unayoiona kubwa, watu wa viroba wanajuana wote. Wewe uliyetendewa vibaya na mnunuzi usimhamishie mwenzako machungu hayo.

Usisahau mwenye lori. Kama ulishampa nafasi ya kukupakilia mzigo kuja huku, mpigie kabla hajafika getini kiwandani, maana akishaingia foleni atakudai siku yake.

Dada wa Makambako, piga simu leo. Na profoma yako ijayo, kabla hujasaini, omba wafute ule mstari wa kupoteza malipo yote, waandike hatua tatu: kabla ya pleti, baada ya pleti, na baada ya kuchapa, kila moja na kiasi chake. Kiwanda changu kilikubali bila ubishi, kwa sababu nao wanapenda kujua mapema watabaki na nini.