Barua ya likizo isiyokuwa na nakala

Ukipewa idara kwa mara ya kwanza, barua za likizo utaziona usumbufu. Zinaletwa asubuhi, sahihi inadaiwa kabla ya saa nne, na zote zinafanana: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nina miaka kumi na minne kwenye viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza, na miaka ya mwanzo nilikuwa naangalia tarehe tu, nazilinganisha na rota, nasaini au nakataa. Kwenye kiwanda nilichoanzia nilimkatalia mama mmoja wa kufungasha siku mbili za "dharura ya kifamilia" kwa sababu tulikuwa na oda kubwa. Hakuja kazini, nikampa onyo la maandishi. Kumbe mwanawe alikuwa amelazwa, na siku zile zilikuwa haki yake kisheria. Kilichokosekana ni yeye kuandika neno "mtoto", na mimi kumuuliza. Onyo nililifuta. Ila salamu zetu hazikurudi kuwa zilezile.

Kwa hiyo barua ya fundi wa majokofu ilipofika, Aprili 2025, nilikuwa nimeshajifunza kidogo. Ilisema hivi:

"YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba likizo yangu ya mwaka kwa mafungu yafuatayo: 7–9 Mei, 28–30 Mei, 18–20 Juni na 9–11 Julai 2025, ili kushughulikia mambo ya kifamilia. Kazi zangu nitamkabidhi msaidizi wangu. Anwani yangu wakati wa likizo ni Mwanza mjini. Natanguliza shukrani."

Niseme kweli, mkono ulikuwa umeshashika kalamu ya kukataa. Huyu ndiye mtu anayejua kompresa zetu za amonia kwa kuzisikiliza. Chumba cha baridi kikipanda juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri na kikakaa hivyo, mzigo wote unakuwa na maswali. Kuondoka mara nne ndani ya miezi mitatu? Si angechukua zote kwa mkupuo, tukajua moja?

Kilichonisimamisha ni bahasha. Ilikuwa imebandikwa gundi. Mafundi wetu wote huchapiwa barua na sekretari pale mapokezi, na zinapita kwenye daftari la barua kabla hazijanifikia. Hii ilichapwa steshenari ya mjini, akaileta mwenyewe mkononi, na chini hapakuwa na "Nakala: Afisa Utumishi" kama barua zake zote za nyuma. Mtu aliyelipia kuchapa barua ambayo angechapiwa bure, kuna macho anayakwepa.

Nikatoa faili lake. Hili nakushauri ulifanye kila barua inapokukwaruza: isome pembeni ya barua za zamani za mtu huyohuyo. Barua peke yake haina cha kukuambia, maana "mambo ya kifamilia" kila mtu anaandika, hata anayekwenda kuezeka banda la kuku. Za fundi zilikuwa tatu, na zote za Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Zote anwani ni Nansio, Ukerewe, na zote zina mstari wa mwisho wa kuomba nauli ya likizo, ambayo mkataba wetu unaitoa. Safari hii hakuna Nansio na hakuna nauli. Fundi huyu ninayemfahamu huidai nauli yake hadi shilingi ya mwisho, na nampenda kwa hilo.

Kisha nikaenda kwenye kalenda. Tarehe 7 Mei ni Jumatano, 28 Mei Jumatano, 18 Juni Jumatano, 9 Julai Jumatano. Kati ya moja na nyingine ni siku 21 kamili. Na tazama ile ya mwisho: Saba Saba ya mwaka ule iliangukia Jumatatu. Mtu anayetaka kupumzika angeomba kuanzia Jumanne tarehe 8, apate siku tano mfululizo ukihesabu na Jumapili. Yeye kaiacha Jumanne peke yake, aje kazini, aondoke Jumatano. Tarehe hizo hakuzichagua yeye. Alipangiwa.

Wiki tatu tatu nilizijua. Wifi yangu alipotibiwa saratani ya titi pale Bugando alikuwa akipigwa dripu kila baada ya siku 21, halafu siku mbili tatu za mwanzo hawezi hata kunusa chai. Si kila saratani wala kila dawa inakwenda kwa mpangilio huo, lakini ni mpangilio wa kawaida, na siku tatu za fundi zilikaa mahali pake: siku ya dripu na mbili za kulala.

Basi nikajijibu kwamba mke wa fundi anaumwa. Na sheria ikaonekana kuniunga mkono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku nne za malipo mtoto wake akiugua au akifariki, na hizohizo kwa msiba wa mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Soma tena kwa makini: ugonjwa umetajwa kwa mtoto tu. Mke akiugua, mama mzazi akiugua, kifungu kile hakina siku. Ndiyo maana watu wenye wagonjwa nyumbani wanamega siku 28 za likizo ya mwaka na kuandika "mambo ya kifamilia". Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilianza kupanga maneno ya pole.

Nashukuru sikuyasema. Mwaka mmoja kabla niliwahi kumwona binti wa maabara anaomba siku za ajabuajabu, nikamwita nikampa pole kwa sauti ya msibani, akanitazama kama nimechanganyikiwa. Alikuwa na mitihani ya Chuo Kikuu Huria na hakutaka wenzake wajue, asije akafeli wakamcheka. Tangu siku ile nikiona kitu kwenye barua natafuta namna ya kuuliza ambayo haimlazimishi mtu kunipa siri yake wala kukanusha.

Mchana, saa ya chakula, nikamfuata fundi gatini. Ofisi yangu ina vioo pande tatu. Ukimwita mtu ndani, kiwanda kizima kinasoma midomo. Pale nje mitumbwi ilikuwa inashusha samaki, korongo wamejipanga wakingoja matumbo, hakuna anayetusikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma. Sikuulizi mambo ya nyumbani kwako. Nataka kujua jambo moja: siku hizi kumi na mbili, unataka zikatwe kwenye fungu lipi?"

Akaniangalia. Nikamweleza mafungu, polepole, kama mtu anayeeleza rota. Likizo ya mwaka, siku 28, anaijua. Siku nne za familia, nikamtajia zinamhusu nani. Na likizo ya ugonjwa, wake mwenyewe: siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Hii ya mwisho niliitaja ili orodha ikamilike tu. Akili yangu bado ilikuwa kwa mkewe.

Akakaa kimya hadi mtumbwi ukamaliza kushusha. Kisha akauliza, "Hicho cheti cha daktari, mama, kinapita mikono mingapi?"

Hapo nikajua nimekosea mgonjwa.

Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyolitamka, kwa sababu jibu la kweli wakati ule lilikuwa mikono minne: mapokezi, mimi, afisa utumishi, na kijana wa mishahara. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba naweza kuipunguza ibaki miwili: cheti kije kwenye bahasha kama ile ya barua, nikifungue mimi, kikae kabatini kwa afisa utumishi, na mishahara wapelekewe karatasi yenye jina, idadi ya siku na aina ya likizo, basi. Jioni ileile nilikwenda kwa afisa utumishi nikahakikisha, maana ahadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine si ahadi bado.

Ndipo akasema lililokuwa linamkera. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. "Mtu anayeumwa hawamwongezi." Nawe utaulizwa hili, na utatamani kusema "usijali". Sikusema, kwa sababu kuongeza mkataba si sahihi yangu. Nilisema nililoweza kulibeba: siku za ugonjwa zenye cheti hazihesabiki kuwa utoro, na nitakapoandika tathmini yake ya mwaka nitaandika kazi, si mahudhurio ya siku zile. Akatikisa kichwa. Sidhani aliridhika sana.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi baada ya hapo. Kwa barua ya kwanza angetumia siku 12 za mwaka na kubaki na 16, na Desemba kwenda Nansio kungekuwa kwa kubana. Kwa likizo ya ugonjwa siku 12 zinatoka kwenye zile 63 za mshahara kamili, hazijafika hata robo, na 28 zake zinabaki nzima. Akaandika barua mpya. Ile ya kwanza nilimrudishia. Sikuiweka kwenye faili, wala sikuandika popote nilichokuwa nimedhania.

Upande wa kiwanda, msaidizi wake niliomba awe zamu ya mchana Jumatano zile nne, na tukakubaliana na kampuni inayotutengenezea mitambo watume mtu Alhamisi moja moja akague mafuta ya kompresa. Ikatugharimu kiasi. Mara moja, Juni, jokofu la kugandisha lilisumbua saa tisa usiku na hatukumpigia. Lilichukua saa tano badala ya moja. Asubuhi bosi wa juu aliniuliza fundi yuko wapi, nikajibu, "Yuko likizo, nimemruhusu mimi," akangoja niendelee, sikuendelea.

Tarehe 12 Julai, Jumamosi, alirudi amevaa kofia ya sufu, wiki zile joto likiwa la kutosha. Akasimama mbele ya kompresa namba mbili, akaikazia sikio, akamwambia msaidizi wake, "Hii mmeikaza mkanda mno."

Novemba ikaja barua nyingine, imechapwa na sekretari, ina namba ya daftari na nakala mbili chini. Siku 28, mfululizo. Anwani Nansio, Ukerewe. Nauli ya watu watano, na ya wanne imefutwa kwa kalamu kwa sababu mwaka ule mama yake mzazi naye alikuwa anarudi naye. Nikaisoma mara mbili kwa mazoea, sikuona kitu, nikasaini.