Ujumbe wa atomu jirani: etanoli ikikokotolewa kwa kalamu

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kemia, na nimeanza kujifunza mitandao ya neva ya grafu. Kila ninaposoma naambiwa atomu "zinapeana ujumbe" na jirani zake, lakini sijawahi kuona ujumbe wenyewe ukiandikwa. Ni namba? Na kwa nini nisihesabu tu kaboni ngapi na oksijeni ngapi, nikaipa kompyuta hesabu hiyo? Naomba mfano wa molekuli ndogo ninayoweza kukokotoa mwenyewe.

Jibu: Salama, mwalimu. Ndiyo, ujumbe ni namba: safu fupi ya namba ambayo kila atomu inaipokea kutoka kwa atomu zilizofungwa nayo kwa bondi. Tuchukue molekuli mbili unazozifahamu vizuri, etanoli na dimethili etha. Zote ni C2H6O. Ukihesabu kaboni na oksijeni tu, kompyuta haitakuwa na njia yoyote ya kuzitofautisha, ilhali moja huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na nyingine karibu na nyuzi 24 chini ya sifuri. Tofauti yote imo katika nani amefungwa na nani, na ujumbe ndio unaoibeba habari hiyo.

Tuweke hidrojeni kando kwanza, kama tunavyofanya tukichora mifupa ya molekuli. Etanoli inabaki kuwa kaboni, kaboni, oksijeni kwa mfuatano huo. Etha inabaki kuwa kaboni, oksijeni, kaboni. Kila atomu tunaipa vekta ya namba mbili, ya kwanza kwa ajili ya kaboni, ya pili kwa ajili ya oksijeni. Kaboni inaanza na (1, 0), oksijeni inaanza na (0, 1). Ukijumlisha atomu zote sasa hivi, molekuli zote mbili zinakupa (2, 1). Hapo ndipo hesabu yako ya kaboni na oksijeni ingeishia.

Sasa raundi ya kwanza. Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni hii: kila atomu inajumlisha vekta za jirani zake, kisha inaongeza jumla hiyo kwenye vekta yake. Jumla ya jirani ndiyo ujumbe. Katika etanoli, kaboni ya pembeni ina jirani mmoja tu, kaboni ya kati, kwa hiyo inapokea (1, 0) na kuwa (2, 0). Kaboni ya kati ina jirani wawili, inapokea (1, 0) na (0, 1), inakuwa (2, 1). Oksijeni inapokea (1, 0) na kuwa (1, 1). Jumla ya molekuli nzima ni (5, 2).

Katika etha, kila kaboni ina jirani mmoja, oksijeni, hivyo kila moja inakuwa (1, 1). Oksijeni inapokea (1, 0) mara mbili na kuwa (2, 1). Jumla ni (4, 3). Raundi moja tu, na molekuli zimeshaachana. Ni muhimu kuzingatia kwamba atomu zote zinasoma vekta za zamani za jirani zake kwa wakati mmoja. Ukianza kusahihisha kaboni ya kwanza kisha ukaitumia thamani yake mpya kwa ya pili, jibu litategemea umeanzia wapi.

Lakini hebu rudi uziangalie tena namba za atomu mojamoja, maana kuna tatizo ambalo jumla imelificha. Kaboni ya kati ya etanoli ni (2, 1). Oksijeni ya etha nayo ni (2, 1). Vilevile oksijeni ya etanoli na kaboni ya etha zote ni (1, 1). Kanuni yetu imechanganya "mimi ni nani" na "jirani zangu ni nani" kwenye chungu kimoja, na ukishachanganya huwezi kutenganisha tena. Kama unataka kutabiri jambo linalohusu atomu moja, kwa mfano chaji yake, modeli ya namna hii ingelazimika kuipa kaboni na oksijeni jibu lilelile.

Dawa yake ni kuipa atomu yenyewe uzito tofauti na ule wa jirani. Tuseme kila atomu inazidisha vekta yake kwa 2 kabla ya kuongeza ujumbe. Kaboni ya kati ya etanoli inakuwa (2, 0) kujumlisha (1, 1), yaani (3, 1). Oksijeni ya etha inakuwa (0, 2) kujumlisha (2, 0), yaani (2, 2). Zimetengana. Unaweza kuhakiki raundi nzima ya etanoli kwa mistari hii:

```python
import numpy as np
A = np.array([[0,1,0],[1,0,1],[0,1,0]])  # nani jirani wa nani
H = np.array([[1,0],[1,0],[0,1]])        # C, C, O
H = 2*H + A @ H
print(H, H.sum(axis=0))
```

Utapata (3, 0), (3, 1) na (1, 2), na jumla (7, 3). Kwa etha utapata (2, 1) kwa kila kaboni na (2, 2) kwa oksijeni, jumla (6, 4).

Angalia sasa kaboni ya pembeni ya etanoli: (3, 0). Nafasi ya oksijeni bado ni sifuri, maana yake kaboni hii haijajua kabisa kwamba ndani ya molekuli kuna oksijeni. Endesha raundi ya pili: inazidisha (3, 0) kwa 2 na kuongeza (3, 1) ya jirani yake, inapata (9, 1). Ile 1 ni habari ya oksijeni iliyoko bondi mbili mbali, imefika kwa kupitia kaboni ya kati. Raundi moja ni bondi moja ya umbali. Ukiwa na raundi tatu, atomu inajua kinachoendelea hadi bondi tatu kutoka ilipo, na zaidi ya hapo ni giza. Kwa hiyo idadi ya raundi ichaguliwe kwa kuangalia ni umbali gani kwenye molekuli unaoathiri kitu unachokitabiri.

Katika modeli halisi ile 2 haiwekwi kwa mkono. Nafasi yake inachukuliwa na matriksi mbili za namba zinazofunzwa, moja ya atomu yenyewe na nyingine ya ujumbe, na vekta huwa ndefu zaidi, mara nyingi makumi ya namba. Matriksi hizo ni zilezile kwa kila atomu, ndiyo maana modeli moja inakubali molekuli ya atomu tatu na ya atomu thelathini bila kubadilishwa. Baada ya matriksi hupita fomula isiyo ya mstari mnyoofu, kisha raundi inayofuata. Mwaka 2017 Justin Gilmer na wenzake walionyesha kwamba modeli kadhaa zilizokuwa zimebuniwa kwa ajili ya molekuli zilikuwa zinafuata mpango huu mmoja, na katika mpango wao ujumbe unategemea pia aina ya bondi. Hilo wewe kama mwalimu wa kemia utaliona mara moja: bila hidrojeni, etanoli na asetaldehidi zina mifupa ileile ya C, C, O. Kinachozitofautisha ni bondi maradufu kati ya kaboni na oksijeni ya asetaldehidi. Usipoiambia modeli aina ya bondi wala idadi ya hidrojeni kwenye kila atomu, itaziona ni molekuli moja.

Wengi hupenda kutumia wastani wa jirani badala ya jumla, kwa sababu namba hazikui haraka. Kwa molekuli mimi sishauri kuanza na wastani. Oksijeni ya etanoli ina kaboni moja jirani, wastani (1, 0). Oksijeni ya etha ina kaboni mbili, wastani vilevile (1, 0). Alkoholi na etha, na oksijeni zao zinatoka sawasawa kwenye raundi ya kwanza. Hapo angalau raundi ya pili ingezitenganisha. Lakini chukua propani yenye kaboni 3 na dekani yenye kaboni 10: kila jirani ni kaboni, wastani ni (1, 0) kwa kila atomu, kila atomu inabaki sawa na nyenzake hata ukienda raundi mia. Ukimalizia na wastani wa molekuli nzima pia, propani na dekani zinakuwa kitu kimoja. Jumla inahesabu jirani, wastani unawasahau.

Ukianza kuandika programu yako, kosa linalowapata wengi ni kuandika kila bondi mara moja tu. Kwenye PyTorch Geometric, maktaba ya Python ya kuandikia mitandao hii, kwa mfano, orodha ya `edge_index` inataka kila bondi iandikwe mara mbili, kwenda na kurudi. Ukiandika mwelekeo mmoja programu haitalalamika, itaendelea tu na majibu mabovu. Jaribu raundi moja kwa etanoli ile ile na kanuni ya kuzidisha kwa 2: atomu zikipangwa `CCO` na ujumbe ukienda kulia tu, jumla ni (6, 2). Zikipangwa `OCC`, jumla ni (5, 3). Molekuli ni ile ile, majibu mawili. Kwa hiyo jipatie desturi ya kuchanganya namba za atomu na kuendesha tena. Jibu la molekuli likibadilika zaidi ya tofauti ndogo sana za kukadiria desimali, angalia bondi zako kwanza.

Kuna jambo moja ambalo kuongeza raundi hakutalitatua. Chora dekalini, pete mbili za kaboni sita zinazoshirikiana upande mmoja, kisha chora bisaiklopentili, pete mbili za kaboni tano zilizounganishwa kwa bondi moja. Zote ni C10H18, zote zina bondi 11 kati ya kaboni. Katika kila moja kuna kaboni mbili zenye jirani watatu, kila moja imefungwa na mwenzake. Pembeni yao kuna kaboni nne zinazogusa mojawapo ya hizo mbili, na nne nyingine zisizozigusa. Ukifuata ujumbe hatua kwa hatua, utaona kila atomu ya dekalini ina pacha wake kwenye bisaiklopentili anayepokea ujumbe uleule katika kila raundi. Kuongeza idadi ya hidrojeni hakusaidii, maana nazo zinalingana. Atomu inasikia tu "nina jirani wa aina fulani", haisikii kwamba njia ikizungushwa itarudi kwake baada ya hatua sita au tano. Kinachofanya kazi ni kuiandikia kila atomu tangu mwanzo ukubwa wa pete iliyomo. Weka 6 kwa dekalini na 5 kwa bisaiklopentili kama namba ya ziada kwenye vekta, na zitaachana kabla hata ya raundi ya kwanza.